Goti Lililonyooka, Mpira Unaoruka

Februari 22, 2003, mjini Cape Town, Shoaib Akhtar wa Pakistan alimrushia Nick Knight wa Uingereza mpira uliopimwa kilomita 161.3 kwa saa. Wengi humtazama mrushaji kama huyo mkononi, lakini siri ya kasi huanzia mguuni.

Mrushaji wa mkono wa kulia huja mbio, kisha hukita mguu wa kushoto mbele yake. Goti likibaki limenyooka, nusu ya chini ya mwili husimama ghafla, huku kiwiliwili kikiendelea kusonga. Nyonga hutangulia kugeuka, mabega hufuata, na mkono huja mwisho kabisa. Kuchelewa huko ndiko kunakolipa bega kasi: mkono ukiwahi, msukumo wa kiwiliwili hupotea kabla haujaufikia mpira. Na goti likikunjika, mguu humeza mbio zote. Mtazame mrushaji kutoka ubavuni. Utamwona akididimia badala ya kupinduka juu ya mguu wake.

Gharama ipo. Mguu huo hupokea kishindo kinachozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na sehemu yake hupanda hadi kiunoni. Hatari zaidi ni pale nyonga zinapoelekea upande mmoja na mabega upande mwingine, uti wa mgongo ukajipinda. Mwaka 1973, Dennis Lillee wa Australia alipata nyufa kwenye mifupa ya mgongo, akakaa nje ya kriketi ya kimataifa zaidi ya mwaka mzima. Kocha anayemsikia kijana akilalamika maumivu ya kiuno asimruhusu kurusha mpira mpaka daktari amchunguze.