Nondo Upande wa Udongo

Kwenye viwanja vya miteremko kule Goba na Kimara, Dar es Salaam, mtu hukata kilima apate mahali bapa pa kujenga, kisha anabaki na udongo uliosimama wima nyuma ya nyumba. Ukiwa wa mita moja, ukuta wa mawe unatosha. Ukifika mita tatu, ukuta wa mawe unahitaji unene mkubwa mno, na ndipo watu hujenga wa zege lenye nondo: kitako kilicholala chini kama sakafu, na ukuta mwembamba uliosimama juu yake. Ukiutazama kwa ubavu unafanana na mguu. Sehemu ya kitako inayotokeza mbele huitwa vidole, na ile ndefu inayoingia chini ya udongo huitwa kisigino.

Niliwahi kufika kwenye ukuta wa namna hiyo siku moja kabla ya kumwaga zege. Nondo zilikuwa zimefungwa kwa ustadi, mistari imenyooka, waya umekazwa. Ila zile nene zilikuwa upande wa mbele, upande utakaoonekana.

"Fundi, mbona nondo kubwa umeziweka huku?"

"Injinia, ukuta si utaangukia huku? Nimeuwekea nguvu mbele uzuie."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na anayelitoa si mzembe. Anaufikiria ukuta kama mtu anayezuia mlango kwa kifua. Lakini ukuta huu umeshikwa chini peke yake, na huko juu uko huru. Shika fito mbichi kwa chini, kisha isukume ncha. Gome la upande unaosukuma linavutika, la upande wa pili linabanwa. Zege linastahimili sana kubanwa, lakini likivutwa linapasuka upesi. Nondo ndizo zinazobeba mvuto, basi nondo nene lazima ziwe pale panapovutika, yaani nyuma, upande wa udongo.

Tuupime ukuta wenyewe. Kimo chake juu ya kitako ni mita tatu, na nyuma yake kuna udongo wa kichanga uliokauka, wenye uzito wa kama tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo. Udongo wa aina hiyo husukuma kwa ubavu kwa takriban theluthi moja ya uzito wake. Msukumo ni sifuri juu kabisa na unaongezeka kadiri unavyoshuka. Ukiujumlisha, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa tani 2.7, kana kwamba gari la abiria na jingine juu yake vimeegemea hapo mchana na usiku. Nguvu hiyo hukaa mita moja juu ya kitako, na kazi yake ni kuupinda ukuta kwenye shingo yake, pale unapoungana na kitako.

Kwa ukuta wa unene wa milimita 250 chini, ukiongeza kiasi cha usalama, hesabu inakupa nondo za milimita 12 zikipangwa kila milimita 200 upande wa udongo. Mbele zinatosha nyembamba zaidi, za kuzuia nyufa za joto na za zege kunywea. Sasa zisogeze zile za nyuma. Zikikaa katikati ya unene, ukuta uleule kwa chuma kilekile unabakiwa na kama asilimia 60 ya uwezo wake, na hicho hakitoshi hata kwa msukumo halisi bila kiasi chochote cha usalama. Zikikaa mbele, kama za fundi yule, inabaki kama robo. Hakuna kilo moja ya chuma iliyopungua. Kilichobadilika ni mahali tu. Ndiyo maana vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti ni vya lazima: vinaiweka nondo milimita 50 kutoka kwenye uso wa zege, isisogee wakati watu wanakanyaga na kutikisa.

Usijaribiwe pia kuongeza kimo baadaye. Nguvu ya kupinda hukua kwa kimo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Kutoka mita tatu hadi nne, shingo inapata zaidi ya mara mbili ya mzigo wa awali, na nondo zilizokwishazikwa haziongezeki.

Kitako nacho kina siri yake. Kinachouzuia ukuta usipinduke ni udongo wenyewe. Kwa mfano wetu, kitako cha upana wa mita 2.1 na unene wa milimita 300 kina kisigino cha mita 1.35, na juu ya kisigino hicho wamekaa tani 7 na ushee za udongo kwa kila mita. Ukuta unamkanyagisha adui yake mguu wake mwenyewe. Lakini mzigo huo unakisukuma kisigino chini, kwa hiyo sehemu yake ya juu ndiyo inayovutika, na nondo zake kuu hukaa juu. Kwenye vidole ardhi ndiyo inayosukuma kutoka chini, basi nondo hukaa chini. Anayezipanga zote chini kama za msingi wa nyumba amekiacha kisigino kitupu.

Shingo hiyo ndiyo mahali pa hatari zaidi, maana hapo kuna kiungo cha zege. Kitako humwagwa kwanza, na nondo za kuanzia huachwa zimesimama upande wa nyuma, miguu yake ikiwa imekunjwa ndani ya kitako. Nondo za ukuta hufungwa pembeni yake zikipishana milimita 600 kwa zile za 12. Kabla ya kumwaga ukuta, uso wa kitako uwe umekwaruzwa mpaka kokoto zionekane, usafishwe na kuloweshwa. Vumbi la mbao na matope likibaki hapo, ukuta umekaa juu ya mfereji.

Yote hayo yamehesabiwa kwa udongo mkavu. Maji yakijaa nyuma hadi juu, msukumo wa tani 2.7 unakuwa kama tani 6, kwa sababu maji hayapunguzi hata theluthi: yanasukuma kwa uzito wake wote. Kwa hiyo nyuma ya ukuta huwekwa kokoto za upana wa milimita 300, zikitengwa na udongo kwa kitambaa cha kuchujia, na mabomba ya plastiki ya kutolea maji hupenya ukuta kila mita moja na nusu hadi mbili. Kazi hii haionekani, na ndiyo ya kwanza kukatwa pesa zikipungua.

Kwenye eneo lile tulifungua nondo na kuzihamishia nyuma, kazi ya siku mbili. Udongo ulirudishwa zege lilipokomaa, kwa tabaka nyembamba zilizoshindiliwa kwa mashine ndogo, si kwa buldoza kupanda nyuma yake. Masika ya kwanza nilirudi na timazi, kwa kuwa ufa wa kwanza wa ukuta huu hutokea nyuma, usipouona, na dalili inayojitokeza mbele ni kuegemea. Ilining'inia sawa. Mabomba yote yalikuwa yakidondosha maji, isipokuwa moja la mwisho karibu na kona, lililotoa maji ya udongo. Hapo kitambaa kilikuwa kimechanika, na tulichimba siku ileile.