Nukta Inayoruka na Mshale Unaogeuka

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, niliomba nafasi ya kazi ya mafunzo katika kampuni moja hapa Uingereza. Kabla ya kuitwa kwenye mahojiano, waombaji sote tulitumiwa mtihani wa kufanya kwenye kompyuta: maswali 24 kwa dakika 25. Hakukuwa na hesabu wala insha ndani yake, ila visanduku tu. Kisanduku cha kwanza kina nukta mahali fulani na mshale umeelekea upande fulani. Cha pili, nukta imehama na mshale umegeuka. Hali kadhalika cha tatu na cha nne. Unaulizwa: cha tano kitakuwaje? Chini yake kuna majibu matano, nawe uchague moja.

Dakika zilipokwisha nilikuwa nimefika swali la 15. Baada ya wiki moja nilipata barua pepe fupi ya kunishukuru na kunitakia kila la heri. Wanachama wenzangu wa mwaka wa mwisho wanaijua barua hiyo.

Jumatano iliyofuata nilikuja kwenye kikao chetu nikiwa na swali moja lililonikwamisha, nimelichora kwenye daftari kwa kumbukumbu. Nililiweka mezani penye chai. Naomba nilieleze hapa kama tulivyolifanya siku ile, kwa sababu msimu wa maombi umekaribia tena na najua wengi wenu mtakutana na ndugu zake.

Kisanduku kimegawanywa vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Mshale uko chumba cha katikati na hautoki humo. Kazi yake ni kugeuka tu. Nukta huzunguka katika vyumba vinane vya pembeni. Katika kisanduku cha kwanza nukta iko juu kushoto na mshale unaelekea juu. Cha pili, nukta iko kulia, mstari wa kati, na mshale umelalia juu kushoto. Cha tatu, nukta iko chini kushoto, mshale unaelekea kushoto. Cha nne, nukta iko juu katikati, mshale umelalia chini kushoto.

Ukivitazama vyote kwa pamoja, utaona fujo. Nukta inaonekana kuruka ovyo: juu, kulia, chini, juu tena. Hapo ndipo nilipopotezea dakika tatu nzima. Nilikuwa nikijaribu kufuata nukta na mshale kwa mkupuo mmoja, na macho yakawa yanatangatanga.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu, anayesoma uhandisi, akanipokonya kalamu. "Kaka, kwanza usahau mshale kabisa," akasema. Akaufunika kwa kidole, kisha akavipa namba vyumba vya pembeni, akianzia juu kushoto na kufuata mwendo wa saa:

```
1 2 3
8   4
7 6 5
```

Sasa safari ya nukta ikasomeka: 1, 4, 7, 2. Kutoka 1 hadi 4 ni hatua tatu. Kutoka 4 hadi 7 ni hatua tatu. Kutoka 7, hatua tatu ni 8, kisha 1, kisha 2. Kumbe haikuruka ovyo hata mara moja. Ilikuwa ikienda mwendo uleule, ila mzunguko ulipoisha ikaanza upya, na jicho likadanganyika. Kutoka 2, hatua tatu nyingine ni 5, yaani chini kulia.

Mshale aliufanyia vivyo hivyo, lakini hakuupa namba. Aliutajia pande za dira: kaskazini, kaskazini-magharibi, magharibi, kusini-magharibi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ukivipa vyote viwili namba, utazichanganya kichwani. Nukta iwe na namba zake, mshale uwe na majina yake. Hapo ikawa wazi kwamba mshale hugeuka nyuzi 45 kila mara, kinyume cha mwendo wa saa. Baada ya kusini-magharibi unafuata kusini. Kwa hiyo jibu ni nukta chini kulia, na mshale unaelekea chini.

Nikasema nimeelewa, lakini bado nina dukuduku. Kwenye mtihani, hata mimi niliwahi kuiona hiyo hatua ya tatu, ila nikaona pia jambo jingine. Kutoka 1 ukirudi nyuma, yaani 8, 7, 6, 5, 4, unafika 4 kwa hatua tano. Kutoka 4 ukirudi hatua tano unafika 7. Kutoka 7 unafika 2. Sasa nukta inakwenda mbele tatu, au inarudi nyuma tano? Nilibaki nikibishana na nafsi yangu huku saa ikinikimbia.

Mwalimu wetu alikuwa kimya muda wote, ameshika kikombe. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama ukutani. "Saa moja usiku, Mwalimu."

"Na mshale wa saa uko kwenye namba gani?"

"Uko kwenye saba."

"Umetokaje kwenye moja ukafika saba?"

Nikajibu kwamba nimejumlisha sita. Rafiki yetu mmoja aliyeanza kujifunza Kiswahili hapa chuoni akadakia kwamba yeye hutoa sita: kutoka moja anarudi 12, 11, 10, 9, 8, 7. Mwalimu akacheka. "Basi mmoja wenu kakosea?" Hakuna aliyekosea. Saa ina namba 12. Kwenda mbele sita na kurudi nyuma sita hukufikisha mahali pamoja, kwa kuwa sita na sita ni 12. Ndiyo maana hakuna Mswahili anayejiuliza kama saa zetu ziko mbele ya saa za Waingereza au nyuma yake.

"Na vyumba vya nukta yako ni vingapi?" Vinane. Basi mbele tatu na nyuma tano ni kitu kimoja, kwa sababu tatu na tano ni nane. Haijalishi ni kisanduku cha ngapi. Njia hizi mbili zitakubaliana daima. Swali lililonila dakika zangu halikuwa swali. Anayehesabu mbele tatu kutoka 2 anafika 5, na anayehesabu nyuma tano kutoka 2 anafika 5 vilevile. Chagua njia iliyo fupi, uishike.

Hatari iko kwa anayechanganya: anachukua tatu ya njia ya mbele na mwelekeo wa njia ya nyuma. Tulipoyatazama majibu matano tukaona kwamba mtungaji alikuwa akimngoja mtu huyo. Jibu la kwanza lilikuwa na nukta kwenye 7 na mshale kusini. Hiyo 7 ndiyo unayofika ukitoka 2 kurudi nyuma hatua tatu. Jibu la pili lilikuwa na nukta kwenye 4. Hapo hunaswa anayehesabu chumba alichosimama kuwa ndicho cha kwanza: mbili, tatu, nne, halafu anatua. Hatua huanza kuhesabiwa unapoinua mguu, si pale uliposimama. Majibu matatu yaliyobaki yote yalikuwa na nukta kwenye 5, yakitofautiana kwa mshale tu: mmoja kusini, mmoja kusini-mashariki, mmoja kaskazini. Wa kusini-mashariki umeruka hatua moja. Wa kaskazini umerudi mwanzo, kana kwamba visanduku vinne vimemaliza mzunguko, ilhali kwa nyuzi 45 mzunguko mzima unahitaji hatua nane.

Hii ndiyo faida ya kushughulikia kimoja kimoja. Ukishaijua nukta, unafuta majibu mawili kabla hujautazama mshale. Yanabaki matatu, na mshale unaamua. Hulazimiki kukibeba kisanduku kizima kichwani.

Yapo mambo mawili yanayoweza kukupotosha hata ukiifuata njia hii. La kwanza ni kuamini visanduku viwili. Kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha pili unapata dhana tu. Mtu angeweza kusema kwamba nukta haizunguki pembeni, bali inasoma vyumba vyote tisa kama sisi tunavyosoma ukurasa, mstari kwa mstari. Kwa hesabu hiyo imetoka chumba cha kwanza ikaenda cha sita, hatua tano, na dhana hiyo si mbaya. Lakini ingekuwa kweli, kisanduku cha tatu kingekuwa na nukta juu katikati, kwa kuwa sita na tano ni 11, na baada ya tisa tunaanza upya tunafika cha pili. Kisanduku cha tatu kina nukta chini kushoto, basi dhana imekufa. Kisanduku cha tatu ndicho mwamuzi, na cha nne ni shahidi wake. Vilevile ukikuta nukta imepita 1, 2, 4, 7, hatua zake ni moja, mbili, tatu. Hiyo haina hatua moja isiyobadilika. Hatua yenyewe inakua, na inayofuata ni nne.

La pili ni ukuta. Nukta inayozunguka pembeni haina mwisho wa njia. Ila nukta inayotembea kwenye mstari ulionyooka wa vyumba vinne ikifika cha nne, inaweza kugonga ukuta na kurudi cha tatu, au kutokea upande wa pili kwenye cha kwanza. Ukiiona kwenye 1, 2, 3, 4 tu, huna namna ya kujua. Tafuta kisanduku kinachoonyesha imepita ukingo. Kama hakipo, tazama majibu: kwa kawaida ni moja tu kati ya hayo mawili litakalokuwemo miongoni mwa yale ambayo mshale unayakubali.

Tangu siku ile tumekuwa tukifanya maswali matano kila Jumatano kabla ya chai, kila mtu akimchorea mwenzake. Kumchorea mwenzako kunafundisha kuliko kujibu, kwa sababu lazima uyatunge na majibu ya uongo, na hapo unajifunza mtu hukosea wapi. Mwezi wa Machi nilifanya mtihani mwingine wa aina hii, kwa kampuni nyingine. Maswali yalikuwa 24, na safari hii nilifika la 23. Mahojiano niliitwa. Kazi sikuipata, lakini safari hii nilikataliwa na watu walioniona uso.