Msambamba Uliojificha Katika Kila Pembenne

Chukua karatasi na rula, uchore umbo la pande nne. Usilipambe. Pande zipishane urefu, pembe moja iwe butu na nyingine kali, wala pasiwe na mistari miwili iliyo sambamba. Pima kila upande, utie nukta katikati yake, kisha unganisha nukta hizo nne kwa kuzunguka, kila moja na jirani yake. Umbo la nje ni la ovyo, lakini la ndani limetulia: pande zake zinazoelekeana ni sambamba na zina urefu sawa. Umepata msambamba. Chora pembenne nyingine, mbaya kuliko ya kwanza, na msambamba utatokea tena.

Mwanafunzi akionyeshwa jambo hili kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kuamini, na haraka hiyo ina hatari yake. Rula ya shule hupima kwa milimita. Mistari miwili iliyopishana kidogo sana mwelekeo, macho huiona sambamba, na rula nayo itakubali. Isitoshe, maumbo tunayozoea kuchora ubaoni ni ya adabu mno: mstatili, trapeza, kishada. Mtu akijaribu kwa hayo tu, hatajua kama msambamba umetokana na upangaji mzuri wa umbo la nje au na kitu kingine. Na hata ukichora maumbo elfu moja na yote yakakubali, bado neno “yoyote” halijathibitishwa. Linahitaji sababu.

Sababu hiyo imo katika mistari miwili ambayo hatukuichora, yaani mishazari. Pembenne ina mishazari miwili, kila mmoja ukiunganisha pembe mbili zinazoelekeana. Tuite pembe A, B, C na D kwa kuzunguka. Mishazari ni AC na BD. Nukta za katikati tuziite K juu ya upande AB, L juu ya BC, M juu ya CD, na N juu ya DA.

Chora AC. Pembenne sasa imegeuka pembetatu mbili zinazotumia upande mmoja, ABC na ADC. Iache ya pili kwanza, utazame ABC peke yake. K ni katikati ya AB, na L ni katikati ya BC. Ukiangalia kutoka pembe B, kuna pembetatu ndogo KBL ndani ya pembetatu kubwa ABC. Zote mbili zina pembe ileile ya B. Upande BK ni nusu ya BA, na upande BL ni nusu ya BC. Kwa hiyo ndogo ni nakala ya kubwa iliyopunguzwa hadi nusu, bila kupindishwa popote. Yanafuata mambo mawili kwa pamoja: KL ni nusu ya AC kwa urefu, na KL ni sambamba na AC, kwa kuwa pembe iliyopo K ni sawa na pembe iliyopo A. Hoja hii ya pembetatu ni ya kale. Msingi wake umo katika kitabu cha sita cha *Elementi* za Euklidi, zilizoandikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Sasa rudi kwenye pembetatu ya pili, ADC, ukitazama kutoka pembe D. N ni katikati ya DA, M ni katikati ya DC. Kwa hoja ileile, NM ni nusu ya AC, tena ni sambamba na AC. Basi KL na NM zote ni sambamba na mstari mmoja, na zote ni nusu ya mstari huohuo. Pande mbili zinazoelekeana zikiwa sambamba na sawa kwa urefu, umbo ni msambamba. Uthibitisho umekwisha.

Hapa ndipo wengi huteleza, na wasomaji wenye watoto wa sekondari wanaweza kulikagua jambo hili kwenye madaftari yao. Mwanafunzi huandika kwamba KL na NM ni sambamba na AC, akahitimisha hapohapo kwamba KLMN ni msambamba. Hajafika. Trapeza nayo ina jozi moja ya pande sambamba. Ni lazima aongeze jambo la urefu, kwamba kila moja ni nusu ya AC, au achore mshazari wa pili, BD, aonyeshe kwamba KN na LM nazo ni sambamba. Njia zote mbili ni halali. Mimi napenda kuupitia mshazari wa pili hata pale usipohitajika, kwa sababu unafichua kitu ambacho wa kwanza peke yake hauonyeshi.

Kitu chenyewe ni hiki. Pande mbili za msambamba ni nusu ya AC na zinafuata mwelekeo wake. Pande mbili nyingine ni nusu ya BD na zinafuata mwelekeo wake. Ina maana kwamba msambamba haujui lolote kuhusu pembenne ila urefu na mwelekeo wa mishazari yake. Haujui hata inapokatana.

Tujaribu kwa namba kwenye karatasi ya grafu. Weka A kwenye (0, 0), B kwenye (12, 2), C kwenye (10, 10) na D kwenye (2, 8). Nukta ya kati hupatikana kwa kujumlisha namba za ncha mbili na kugawanya kwa 2, hivyo K ni (6, 1), L ni (11, 6), M ni (6, 9) na N ni (1, 4). Kutoka K hadi L unakwenda hatua 5 kulia na 5 juu. Kutoka N hadi M ni hivyohivyo, 5 kulia na 5 juu. Mshazari AC unakwenda 10 kulia na 10 juu, mara mbili kamili. Kutoka L hadi M ni hatua 5 kushoto na 3 juu, na kutoka B hadi D ni 10 kushoto na 6 juu.

Sasa acha A na C zilipo, uusogeze mshazari BD wote kwa hatua 8 kulia na 8 juu, bila kuugeuza wala kuurefusha. B inafika (20, 10), na D inafika (10, 16). Pembenne imebadilika kabisa. Pembe C imezama ndani, umbo limekuwa kama ncha ya mshale, na mshazari BD sasa umepita nje ya umbo lenyewe. Hesabu nukta za kati upya: (10, 5), (15, 10), (10, 13) na (5, 8). Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni 5 kulia na 5 juu. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni 5 kushoto na 3 juu. Ni msambamba uleule, umehama tu mahali, na safari hii sehemu yake imechomoza nje ya pembenne. Hoja yetu haikutikisika, kwa kuwa haikudai popote kwamba mshazari ulale ndani.

Eneo nalo linatii. Pembenne ya kwanza ina eneo la miraba 80, na msambamba wake una 40. Pembenne ya mshale nayo ina 80, na msambamba ni 40 vilevile. Kwa pembenne isiyozama, sababu inaonekana kwenye vipande vinne vilivyobaki pembeni. Kipande cha pembe A ni robo ya pembetatu ABD, maana pande zake ni nusu kwa nusu. Kipande cha pembe C ni robo ya pembetatu CBD. Viwili hivyo kwa pamoja ni robo ya pembenne nzima. Vipande vya B na D vinatoa robo nyingine. Imeondoka nusu, imebaki nusu. Kwa umbo la mshale hesabu hubadilika kidogo, kwani pale pembetatu CBD hutolewa badala ya kujumlishwa, lakini jibu ni lilelile.

Kanuni hii hubeba jina la Pierre Varignon, Mfaransa aliyezaliwa Caen mwaka 1654 na kufundisha hisabati Paris. Alijulikana zaidi kwa kazi yake juu ya nguvu na mizani, ambako msambamba ni chombo cha kila siku. Alifariki mwaka 1722, na kitabu chenye kanuni hii kilichapishwa mwaka 1731, yeye akiwa kaburini. Ukikumbuka Euklidi alikuwa ameshaiweka tayari hoja ya pembetatu miaka elfu mbili nyuma, inashangaza kwamba hatua moja iliyobaki inahusishwa na mtu wa karne ya 18.

Ukishajua kwamba mishazari ndiyo inayotawala, maswali mengine hujijibu. Msambamba utakuwa na pande zote nne sawa pale mishazari inapolingana urefu. Utakuwa mstatili pale mishazari inapokatana kwa pembe mraba, kama ilivyo kwenye kishada. Mraba unahitaji yote mawili. Na kuna namna moja tu ya kuuharibu: mishazari ikiwa sambamba, jambo linalowezekana pale pande za pembenne zinapopishana kama mkasi, nukta nne za kati hujipanga kwenye mstari mmoja, na msambamba unakuwa bapa, hauna eneo.

Kuna hatua moja zaidi, nayo ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kata karatasi ya mraba yenye pande za sentimita 20, utie nukta katikati ya kila upande. Kunja karatasi kwenye mshazari AC, kisha uifungue nusunusu, kama kitabu kilichosimamishwa. Sasa A, B, C na D haziko tena kwenye bapa moja. Hata hivyo nukta nne za kati bado ziko kwenye bapa moja, na bado ni msambamba. KL ni sambamba na AC, NM ni sambamba na AC, na mistari miwili iliyo sambamba siku zote hulala kwenye bapa moja. Hakuna sentensi hata moja ya uthibitisho wetu iliyohitaji karatasi iwe imenyooka.

Unaweza kupima. Karatasi ikiwa wazi kabisa, nukta nne zinaunda mraba wenye upande wa karibu sentimita 14.1, nusu ya mshazari wa sentimita 28.3. Ukikunja hadi nusu mbili zifanye pembe mraba, AC haibadiliki, lakini umbali wa hewani kutoka B hadi D unapungua na kuwa sentimita 20. Basi nukta za kati zinaunda mstatili wa sentimita 14.1 kwa 10. Pembe zake zinabaki mraba, kwa sababu B na D zote hukaa sawa na katikati ya mkunjo, upande huu na upande huu, na mstari unaoziunganisha hauachi kuwa wima kwa AC. Nyosha uzi kutoka K hadi N, uuweke kwenye rula: utasoma sentimita 10, na kama umesoma 9 au 11, pembe ya mkunjo ndiyo haijafika nyuzi 90 au imezidi.