Tai, Shingo na Fundo

Tai ya kawaida ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 145 hadi 150 kutoka ncha hadi ncha. Zinazoshonwa kwa ajili ya watu warefu hufika sentimita 155 hadi 160. Inapovaliwa, urefu huo hugawanyika mara nne: kipande kinachozunguka kola, kipande kinachoning'inia mbele, kinacholiwa na fundo, na mkia mwembamba unaobaki nyuma. Vipande viwili vya kwanza huamuliwa na mwili wa mvaaji. Fundo huchaguliwa na mvaaji mwenyewe, na mkia hupata kinachosalia.

Tai iliyokaa vizuri hujulikana kwa alama mbili. Ncha pana hugusa bizimu ya mkanda, wala haiishii tumboni. Mkia nao huwa mfupi kuliko ncha pana, lakini hufika kwenye kitanzi kilichoshonwa nyuma ya tai ili upenyezwe humo. Usipokifika, huchomoza pembeni kila mvaaji anapogeuka.

Mafundo hutofautiana kwa idadi ya mizunguko. Fundo jepesi, ambalo wengi hujifunza kwanza, huzungusha ncha pana juu ya mkia, huipitisha shingoni mara moja na kuishusha. Nusu Windsor huongeza mkunjo upande mmja wa fundo. Windsor kamili hukunja pande zote mbili, ndiyo maana hutoa pembetatu pana yenye pande sawa. Kwa tai ya hariri ya unene wa wastani, fundo jepesi hula takriban sentimita 20, nusu Windsor 27 na Windsor kamili 35. Kitambaa kinene hula zaidi, chembamba hula kidogo.

Tuchukue tai ya sentimita 147 na mtu mwenye shingo ya sentimita 40. Kola huchukua 42, na kutoka fundo hadi mkanda ni 46. Zinabaki 59 za fundo na mkia. Kwa fundo jepesi mkia huwa 39, kwa nusu Windsor 32, na kwa Windsor kamili 24. Kitanzi kikiwa sentimita 22 juu ya ncha pana, basi kiko 24 chini ya fundo. Mafundo yote matatu yanamfaa, ingawa Windsor kamili humfikisha ukingoni.

Mtu mrefu mwenye shingo ya sentimita 45 na umbali wa 54 hadi mkanda hubakiwa na 46 tu katika tai hiyohiyo. Hata kwa fundo jepesi mkia wake ni 26, ilhali kitanzi kiko 32 chini ya fundo. Tai ya 157 humpa mkia wa 36 kwa fundo jepesi, lakini Windsor kamili humrudisha kwenye 21. Akitaka fundo nene, ni afadhali atafute tai nene na kuifunga kwa fundo jepesi. Mtawala wa Windsor, ambaye fundo pana limepewa jina lake, mwenyewe alifanya hivyo: tai zake zilishonwa na bitana nene. Kwa mtu mfupi hali hugeuka. Mwenye shingo ya 37 na umbali wa 40 akifunga fundo jepesi, mkia hufika 48 na kuchungulia chini ya ncha pana. Windsor kamili huupunguza hadi 33.

Tai ya kipepeo haina nafasi hiyo ya kuchagua, kwa sababu hufungwa kwa fundo la aina moja, kama kamba ya kiatu. Marekebisho yote hufanywa kwenye utepe wa shingoni, wenye kikulabu na matundu yaliyoandikwa namba za inchi, mara nyingi kutoka 14 hadi 18, yaani takriban sentimita 36 hadi 46. Namba ifuatayo ukubwa wa kola ndiyo ya kuanzia: shingo ya sentimita 41 hupata 16. Ikiwekwa kubwa kuliko shingo, kitambaa cha ziada huingia kwenye mabawa, na kipepeo hupanuka. Ikiwekwa ndogo, mabawa hufupika na fundo hukaza. Mabawa yakipita pande za uso, namba ipunguzwe kidogo.

Mwenye shingo iliyozidi namba ya mwisho hawezi kuokolewa na ustadi wa kufunga, kwani mabawa yatakuwa madogo na utepe utambana. Anahitaji tai yenye utepe mrefu zaidi. Tai ya kipepeo iliyokwisha kufungwa kiwandani ni tofauti: namba hubadilisha utepe tu, na kipepeo hubaki na ukubwa uleule. Utepe ukilegea, kipepeo huteremka chini ya kifungo cha juu cha shati.