Barua pepe ya kuomba kikao: kipi kibaki, kipi kitoke

Katibu wa kikundi cha wafuga nyuki Tabora anataka kuzungumza na mnunuzi wa asali aliyeko Maskati, Oman, ambaye Kiswahili anakijua vizuri. Rasimu yake ni hii:

«Assalaam aleikum. Natumaini u mzima wa afya pamoja na familia. Kikundi chetu kimepiga hatua kubwa katika kuwainua wafugaji. Tungependa kukutana nawe mtandaoni wiki ijayo, siku na saa yoyote utakayopenda, tuzungumze mambo mbalimbali ya ushirikiano. Tunasubiri jibu lako.»

Lugha ni safi na adabu ipo. Tabu ni kwamba mnunuzi hawezi kuijibu kwa mstari mmoja. Itabidi aulize wanataka kuzungumza nini, na kwa muda gani. Hata hayo maneno «siku na saa yoyote», yanayoonekana kama ukarimu, yanamtwisha yeye kazi ya kupekua kalenda yake.

Anayeipitia rasimu kama hii aanze na lengo, maana mengine yote yanalitegemea. Amuulize katibu: kikao kikiisha, mtakuwa mmeamua nini? «Ushirikiano» si jibu. Akibanwa kidogo, katibu anasema wanachotaka hasa: mnunuzi akubali kupokea sampuli ya asali kilo 5, na awaambie anahitaji vipimo gani kabla ya kutaja bei. Hilo ndilo lengo, na linaenea katika sentensi moja.

Lengo likishajulikana, ajenda haina ugumu: aina ya asali iliyopo, vipimo anavyotaka, kisha namna ya kufikisha sampuli. Kila kipengele kipewe dakika zake, na jumla ndiyo itakayotaja urefu wa kikao. Wengi hufanya kinyume. Hutaja saa nzima kwa mazoea, kisha hutafuta maneno ya kuijaza. Kwa watu wasiojuana, dakika 30 zinatosha. Zikizidi, kipengele kimoja kipunguzwe. Historia ya kikundi, kwa mfano, haihitaji kusimuliwa kikaoni. Iambatishwe, asome akipenda.

Kwenye saa ndipo panapohitaji jicho kali zaidi. Oman iko saa moja mbele ya Tanzania, na mapumziko yake ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa, ambayo Tabora ni siku ya kazi, haifai kupendekezwa. Halafu kuna mtego wetu wenyewe: «saa 4 asubuhi» kwa mtu wa Tabora ni 10:00, lakini aliyezoea saa za Kiarabu au za Kiingereza anaweza kuisoma kama alfajiri. Barua inayovuka mpaka iandikwe kwa tarakimu za saa 24, na saa za pande zote mbili zionekane. «Wiki ijayo» nayo itoke, tarehe ziingie.

Nafasi tatu zinatosha, mradi zisiwe asubuhi zote. Mtu mwenye vikao kila asubuhi hasaidiki na asubuhi tatu. Baada ya marekebisho, barua inasomeka hivi:

«Kichwa: Ombi la kikao cha dakika 30 kuhusu sampuli ya asali ya Tabora, 9–11 Juni

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima. Tunaomba kikao cha mtandaoni cha dakika 30 ili tukubaliane kuhusu kukutumia sampuli ya kilo 5 na vipimo utakavyohitaji.

Ajenda: aina za asali tulizonazo (dakika 10), vipimo (10), usafirishaji wa sampuli (10).

Tafadhali chagua:
A. Jumanne 9 Juni 2026, 10:00 Tabora / 11:00 Maskati
B. Jumatano 10 Juni, 14:00 / 15:00
C. Alhamisi 11 Juni, 9:00 / 10:00

Kama hakuna inayokufaa, tutajie yako. Tukipata jibu kufikia Alhamisi 4 Juni, tutakutumia kiungo siku hiyo hiyo. Maelezo ya kikundi yameambatishwa.»

Sasa mnunuzi anaweza kujibu kwa herufi moja, hata akiwa garini. Salamu nimeiacha makusudi. Wapo wanaoifuta kwa jina la ufupi, lakini kwa mtu wa Maskati barua isiyo na salamu itasomwa kama ufidhuli. Sentensi ya «tutajie yako» nayo ina kazi yake, hasa unapomwandikia mkubwa wako au mteja: bila hiyo, nafasi tatu zinafanana na amri.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, katibu azizuie nafasi zote tatu katika kalenda yake, azifungue mbili pale moja itakapochaguliwa. Tarehe 4 ikipita kimya, ajibu juu ya barua ile ile kwa sentensi mbili na nafasi mpya, kwa sababu mnunuzi huenda zile za kwanza ameshazijaza.