Dakika wa Jana Hawajakauka

Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwanza akiwa na haraka haandiki. Anabonyeza kitufe na kuzungumza. Tuseme mteja wake yuko Lubumbashi, na karani wa mteja anataka ujumbe huo kwa Kifaransa. Programu ya simu inageuza sauti kuwa maandishi, na mtafsiri anapokea kitu cha namna hii:

"Kaka habari niko mwalimu dakika wa jana hawaja kauka mvua imenyesha nimepata gunia sita gari linatoka kesho saa mbili unitumie hela kwanza ngoja nipime"

Mashine haikosei ovyo. Inaposhindwa kusikia vizuri, huandika neno inalolijua ambalo sauti yake iko karibu. Kwa hiyo anayesafisha anarudi kwenye sauti: neno hili likitamkwa haraka, sokoni, linafanana na lipi? "Niko" inadai mahali, na mwalimu si mahali. Lakini Mwanza kuna Mwaloni, soko la Kirumba ambako dagaa huuzwa kwa magunia. Majina ya mahali huponzwa hivi mara nyingi, kwa sababu mashine huyaona kwa nadra kuliko maneno ya kila siku.

"Dakika" ina ushahidi mzuri zaidi. Ingekuwa dakika kweli, msemaji angesema "za jana hazijakauka". Yeye kasema "wa" na "hawaja", upatanisho wa viumbe hai. Basi tunatafuta kiumbe, anayeanikwa, anayetamkwa karibu na dakika: dagaa. Mvua inayotajwa mbele inathibitisha. Ngeli imelitambua neno ambalo sikio la mashine lilishindwa kulishika.

Hii ndiyo sababu ya kusafisha Kiswahili kwanza, kabla ya kutafsiri. Ukiyapeleka maandishi machafu moja kwa moja kwenye Kifaransa, utapata dakika zisizokauka, na ule upatanisho wa viumbe hai utakuwa umepotea, maana Kifaransa hakina ngeli hiyo. Anayesoma upande wa pili ataona sentensi ya ajabu asiweze kuifumbua, kwa kuwa ushahidi ulibaki Mwanza.

Sasa njoo kwenye gunia sita. Lori kwa gunia sita? Mtu hushawishika kuandika sitini. Silaba za mwisho zingeweza kumezwa na kelele. Hapa sarufi haisaidii. Mbili, tatu, nne, tano na nane huchukua kiambishi cha nomino. Sita haichukui, sitini pia haichukui. Na huenda mzigo huo unapakiwa pamoja na wa wengine. Mazingira yanaruhusu majibu yote mawili, kwa hiyo kuchagua moja ni kumtungia mtu oda yake. Kinachofaa ni kuandika "gunia [sita?]", kutaja sekunde inakosikika, na kuibakiza alama hiyo hadi ndani ya tafsiri.

Hela ni hatari zaidi. "Unitumie hela kwanza, ngoja nipime" inajipinga: anayetaka hela kwanza haombi asubiriwe apime. Ikiwa "usinitumie hela kwanza", yaani usitume bado, kila kitu kinakaa sawa. Tofauti ni silaba moja, "si". Mimi ninaamini kakataa. Lakini imani hiyo haitoshi kuhamisha fedha ya mtu, na kukanusha kusikatwe kwa kukisia. Sikiliza tena kwa kasi ya chini. Isiposikika, muulize mwenyewe.

Tatizo limekua kwa sababu programu za leo zinaandika kwa ufasaha hata zisiposikia. Whisper, iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini Kiswahili chenye maandishi yake humo hakikufika hata saa 10. Palipo na ukimya au mngurumo wa injini inaweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeitamka. Utaitambua kwa kuwa haihusiani na mazungumzo, au inajirudia neno kwa neno. Ukishaisafisha zaidi na kuiwekea nukta na mkato, kosa linavaa nguo safi na halionekani tena. Ndiyo maana namwomba kila anayefanya kazi hii ahifadhi maandishi ya mwanzo na sauti yenyewe pamoja na tafsiri.

Kuna na "saa mbili", iliyonakiliwa sawasawa kabisa. Mashine ya kutafsiri huweza kuigeuza kuwa saa ya pili ya saa za Kizungu, wakati msemaji anamaanisha saa mbili yetu, ama ya asubuhi ama ya usiku. Kwa Kifaransa ni 8 au 20, na saa za Lubumbashi ziko nyuma ya Mwanza kwa saa moja. Kwa hiyo karani anapelekewa ujumbe wenye maswali matatu ya kumpigia mwuzaji kabla gari halijatoka: magunia mangapi, hela isubiri au itumwe, na gari linatoka asubuhi au usiku.