Kukata Kiitikio Kiwe Mlio wa Simu

Mlio wa simu hutumika tofauti na wimbo. Wimbo husikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini mlio huanza ghafla, husikika kwa sekunde chache, kisha hukatizwa mara simu inapopokelewa. Simu ikichelewa kupokelewa na kipande kikaisha, hurudi mwanzo na kulia tena. Kwa hiyo anayekata kiitikio ana mambo matatu ya kuangalia: kipande kitambulike tangu sekunde ya kwanza, urefu wake ulingane na muda wa simu kuita, na mwisho wake uunganike na mwanzo bila kukwama.

Muda wa simu kuita hupangwa na mtandao, si na simu yenyewe. Mwenye laini aliyeagiza simu zake zielekezwe kwingine asipopokea anaweza, katika mitandao ya GSM, kuchagua muda wa kusubiri kati ya sekunde 5 na 30. Asiyeweka mpango huo huachiwa simu iite hadi mtandao uikate, na mara nyingi muda huo ni nusu dakika au zaidi kidogo. Kipande cha dakika nzima basi hakina faida, kwa kuwa nusu yake ya pili ni nadra kusikika. Kipande cha sekunde tano nacho hurudiwa mara nyingi mno, kikachosha masikio. Urefu unaofaa ni kati ya sekunde 15 na 30. Kwa wenye iPhone, 30 ni mpaka wenyewe ukitumia GarageBand, kwani programu hiyo haitoi mlio unaozidi hapo. Simu za Android hazina mpaka huo.

Hata hivyo, sekunde peke yake hazitoshi kuamua pa kukata. Muziki mwingi wa kuimbwa huenda kwa mafungu ya mapigo manne manne, na kiitikio huchukua mafungu kamili, mara nyingi 8 au 16. Kipande kikikatwa katikati ya fungu, kinaporudia huonekana kama mpigaji ngoma amejikwaa. Njia ya uhakika ni kupata kwanza kasi ya wimbo, kisha kuchagua idadi ya mafungu inayoangukia ndani ya muda unaotakiwa.

Kasi hupatikana kwa kuhesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Tuseme wimbo wa bongo fleva umetoa mapigo 24, yaani 96 kwa dakika. Ukigawa 60 kwa 96, pigo moja ni sekunde 0.625, na fungu la mapigo manne ni sekunde 2.5. Mafungu 8 ni sekunde 20 kamili, urefu mzuri kabisa. Kama kiitikio hicho kina mafungu 16, chote ni sekunde 40. Hapo huchukuliwa nusu ya kwanza, kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye maneno ambayo watu wanayakumbuka. Katika wimbo wa taratibu wa mapigo 60 kwa dakika, mafungu 8 hufika sekunde 32, hivyo mafungu 4, yaani sekunde 16, hufaa zaidi.

Baada ya urefu, hutafutwa pa kuanzia. Katika mfano huu, utangulizi wa ala una mafungu 4 na ubeti una 16, na pigo la kwanza linasikika faili inapoanza tu. Mafungu 20 ni sekunde 50, kwa hiyo kiitikio kinaingia kwenye sekunde ya 50. Lakini waimbaji wengi hutangulia. Silabi ya kwanza hutamkwa pigo moja kabla ya fungu kuanza, na anayekata kwenye sekunde ya 50 barabara humnyang'anya mwimbaji neno lake la kwanza. Dawa ni kurudisha mwanzo nyuma kwa pigo moja, hadi 49.375, na kurudisha mwisho nyuma kwa kiasi hichohicho, kutoka 70 hadi 69.375. Urefu unabaki sekunde 20. Ikiwa mwimbaji hutangulia tena anapoingia kwenye sehemu inayofuata, silabi hiyo ya ziada inaachwa nje, na kipande kinaporudi mwanzo mapigo yanaendelea bila kukatika.

Kazi hii hufanyika vizuri katika Audacity, programu ya bure ya kompyuta, inayoonyesha sauti kama mstari wa mawimbi. Sehemu huchaguliwa kwa kipanya, kisha tarakimu za mwanzo na mwisho husahihishwa chini ya dirisha. Ukikata mahali ambapo wimbi liko juu au chini, spika hurushwa ghafla na husikika mlio mdogo wa "tak". Kitufe cha Z husogeza mipaka ya chaguo hadi mahali wimbi linapopita sifuri, na kasoro hiyo huondoka. Kusogea huko ni kudogo mno kuweza kuvuruga mapigo. Kisha kipande husikilizwa kikirudia mara kadhaa, na kama kuna kukwama, mwisho husogezwa kidogo hadi mapigo yakae sawa.

Wengi hupenda kufifisha sauti mwishoni kwa sekunde mbili au tatu. Hilo linafaa kwa kipande kinacholia mara moja. Kwa mlio unaorudia, kufifisha huacha shimo kila mzunguko, na mtu aliye chumba cha pili anaweza kudhani simu imeacha kuita. Mwanzo nao haufai kupandishwa polepole, kwani sekunde za kwanza ndizo zinazomwita mwenye simu.

Spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti za besi. Kiitikio kinachoanza kwa gitaa la besi na ngoma nzito, hata kikitikisa redio ya nyumbani, kwenye simu huanza kwa ukimya. Dalili yake ni mlio unaosikika vizuri kwenye vipokea sauti vya masikioni lakini hausikiki simu ikiwa mfukoni. Hapo ni heri kuanzia kwenye sauti ya mwimbaji au gitaa la solo, kisha kuinua kiwango cha kipande kizima hadi karibu na kilele bila kukipita, maana kikipita sauti hukwaruza.

Mwisho ni kuhifadhi. Faili ya MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni inapotengenezwa, na ukimya huo husikika kama kigugumizi kila mlio unaporudia. Kwa Android, aina ya OGG au WAV huepusha kasoro hiyo. Faili huwekwa kwenye folda ya Ringtones, kisha huchaguliwa katika mipangilio ya sauti. iPhone hutumia aina ya M4R, ambayo GarageBand huiandaa yenyewe. Nyimbo zilizohifadhiwa ndani ya programu za kusikilizia muziki kwa malipo ya mwezi huwa zimefungwa na hazikatiki. Inahitajika faili halisi iliyonunuliwa au kutolewa na msanii. Faili hiyo ya awali ibaki kama ilivyo, na kila jaribio lifanywe upya kutoka kwayo, kwa sababu kuhifadhi MP3 juu ya MP3 hupunguza ubora wa sauti kila mara.